Ukurasa wa printa yenyewe au ule wa Windows?

Steshenari ya Ngamiani, Tanga, imebadilisha ruta na printa haichapi tena. Uchape ukurasa upi wa majaribio ili ujue kosa liko wapi?

"Print Test Page" ya Windows hutoka kwenye kompyuta. Ukitoka, njia nzima ni salama. Usipotoka, hujui kosa liko wapi. Hata anwani ya IP inayoonekana kwenye "Ports" ni ile kompyuta iliyoikariri, si lazima iwe ya sasa.

Ukurasa wa usanidi huchapwa na printa peke yake, hata kompyuta ikizimwa. Kwa hiyo anza na huu. Printa nyingi za leza zisizo na skrini huutoa ukishikilia kitufe cha kuendelea kama sekunde 5, mpaka taa ipepese; zenye skrini, tafuta "Reports". Tazama mstari wa "IPv4".

Tuseme umeandikwa 192.168.100.23, ilhali "Ports" ya kompyuta bado inaonyesha printa iko 192.168.1.45: printa ni nzima, ongeza tu "Standard TCP/IP Port" yenye anwani mpya. Ikianza na 169.254, printa haikupewa anwani na ruta. Kagua kebo au nywila ya Wi-Fi kwanza. Ukurasa ukitoka na michirizi, hilo ni la katriji au dramu, si la mtandao.