Printa ya lebo: niliyoanza nayo ilinitia aibu, ya riboni ndiyo iliyobaki mezani

Ninafungasha asali hapa Mafinga. Kwa mwaka mzima lebo zangu nilichapa kwa printa ndogo ile isiyotumia wino wala riboni, ule utepe mwembamba uliopakwa wino. Niliipenda kweli: unaweka rola, unabonyeza, lebo inatoka, hakuna kingine cha kununua. Kwa chupa zinazokaa stoo sikuwahi kuona kasoro.

Kasoro ilijitokeza kiangazi. Mama mmoja anayeniuzia kando ya barabara kuu ya kwenda Makambako ana kibanda kinachopigwa na jua la mchana kutwa. Mwezi wa pili wa kiangazi hicho akanipigia: "Dada, asali yako haina tarehe, wateja wanadhani ni ya zamani." Nilipofika nikakuta maandishi yamekuwa ya kahawia hafifu, na barkodi haisomeki hata kwa simu. Wiki hiyohiyo katoni niliyoituma Dar kwa basi, ikakaa kwenye buti karibu na injini, ilifika lebo zikiwa zimepiga kijivu lebo nzima, kama zimepakwa masizi.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa: joto lilelile linafuta huku na kutia weusi kule? Fundi wa printa aliyeko Iringa mjini alinifungua macho. Lebo za aina hii hazina wino. Karatasi yenyewe imepakwa rangi isiyoonekana pamoja na kemikali yenye asidi. Kichwa cha printa kinapopasha nukta, vitu hivyo viwili vinayeyuka, vinakutana, na papo hapo panakuwa peusi. Kwa hiyo joto halifuti, linachapa. Karatasi ya kawaida ikifika nyuzi 60 au 70 hivi, inaanza kujichapa yenyewe, nafikiri ndiyo yaliyoikuta ile katoni. Anayefuta ni jua: miale yake inauvunja ule muungano na weusi unarudi kufifia. Na sisi huku tuko juu, jua la Nyanda za Juu linachoma hata siku ya baridi.

Nilikuwa nimejaribu pia kuzikinga kwa kuzibandika selotepu ya wazi juu. Kosa kubwa. Nilichapa lebo tatu: moja nikaibandika dirishani na kuifunika nusu kwa foili, ya pili nikaiweka kwenye droo, ya tatu nikaitia selotepu na kuiweka droo hiyohiyo. Baada ya wiki tatu nusu iliyofunikwa na foili ilikuwa bado nyeusi, iliyoachwa wazi imepauka. Ya droo haikubadilika. Ile yenye selotepu, ambayo haikuliona jua kabisa, ilikuwa imefifia vibaya kuliko zote! Gundi na vilainishi vya plastiki vinaila ile rangi. Mafuta hufanya vivyo hivyo, na spiriti nayo huziharibu lebo hizi. Anayefungasha siagi ya karanga au mafuta ya parachichi alijue hilo mapema.

Nikanunua printa ya riboni. Hapa kichwa kinapasha riboni, na wino uliomo unayeyuka na kuhamia kwenye lebo. Weusi wake ni kaboni, na kaboni haijali jua. Lebo niliyoiweka dirishani lilelile bado inasomeka barkodi.

Haikuwa rahisi siku ya kwanza. Lebo zilitoka tupu kabisa. Kumbe riboni nyingine wino wake uko nje ya rola, nyingine ndani, nami nilinunua isiyo ya printa yangu. Kuijua, bandika kipande cha selotepu upande mmoja na ung'oe. Kikitoka cheusi, huo ndio upande wa wino, na ndio unaopaswa kuigusa lebo. Pia kwenye kompyuta nilisahau kubadilisha chaguo kutoka `Direct Thermal`, la lebo za joto zisizo na riboni, kwenda `Thermal Transfer`, la riboni.

Riboni ya nta tupu, ile ya bei rahisi, ilinichosha. Chupa ikipanguswa asali kwa kitambaa cha maji ya moto, herufi zinapakaa. Nikahamia ya nta iliyochanganywa na resini, kwa lebo za karatasi laini yenye mng'ao, na sasa hata ukucha hauing'oi kirahisi.

Gharama ipo. Riboni inakwenda sawa na urefu wa lebo, hata ukichapa tarehe peke yake. Rola yangu ni mita 74. Lebo yangu ina milimita 30 na nafasi ya 3, kwa hiyo napata kama lebo 2,200, ndipo ninunue nyingine.

Ukinunua rola bila kujua ni ya aina gani, ikwaruze haraka kwa ukucha. Ukitokea mstari mweusi, ni ile ya joto. Mimi nazo bado ninazo, nazitumia kuandikia jina la mpokeaji kwenye katoni za basi, maana zikifika Dar zinatupwa.