Kadi ya pointi ya supamaketi: uzoefu wangu baada ya kuzihesabu risiti

Kadi ninayoizungumzia ni ya supamaketi moja ya Nairobi. Kujiunga ni bure, unatoa jina na namba ya simu tu. Masharti yake ni haya: kila shilingi 100 unazotumia zinakupa pointi 1, na pointi 1 ni shilingi 1 unapolipia bidhaa. Kabla ya kuomba kadi yoyote, tafuta namba hizo mbili kwanza, ya kupata pointi na ya kuzitumia, kwa sababu neno "pointi" peke yake halina bei. Hapa marejesho ni asilimia 1, na kila ninachosema kinaanzia hapo.

Asilimia 1 ni kiasi kidogo kuliko kinavyosikika pale kwenye kaunta. Pakiti ya unga ikiuzwa shilingi 155 hapa na 150 kwenye duka la jumla ng'ambo ya barabara, tofauti hiyo ya shilingi 5 imezidi asilimia 3. Pointi zinakurudishia shilingi moja na nusu hivi, kwa hiyo bado duka la jumla lina nafuu. Kwa hiyo linganisha bei za vitu vitano au sita unavyonunua kila wiki, kama unga, mafuta, sukari, mchele na sabuni, ndipo uamue ni wapi pa kununulia. Kadi iwe ya mwisho katika uamuzi huo.

Jambo la pili ni namna pointi zinavyohesabiwa. Mfumo hutazama kila risiti peke yake na kuhesabu mia zilizotimia tu. Ukinunua maziwa ya shilingi 65 kila asubuhi kwa siku 30, umetumia shilingi 1,950 na hukupata hata pointi moja. Ununuzi huohuo ukiufanya mara moja kwa wiki, kila risiti ina shilingi 455 na pointi 4. Anayenunua kidogo kidogo kwa sababu pesa yake inaingia kidogo kidogo ndiye anayeambulia patupu, na hilo kwangu ni kasoro kubwa ya kadi hii.

Sasa nije kwenye ofa, maana ndizo zinazoongeza matumizi. Nimechukua mwezi mmoja wenye risiti nne: 5,280, 4,190, 5,960 na 3,020, jumla shilingi 18,450. Risiti ya nne iliangukia kwenye ofa ya "nunua kuanzia 3,000 upate pointi mara tatu". Kikapu kilikuwa na vitu vya shilingi 2,640, vikaongezwa juisi na biskuti za shilingi 380 ili kuvuka mstari. Bila nyongeza, risiti ile ingetoa pointi 26. Kwa nyongeza ilitoa 90. Faida ni shilingi 64, lakini pesa iliyotoka mfukoni ni 380.

Hapo inategemea kilichoongezwa ni nini. Kama ni sabuni na sukari ambazo zingenunuliwa wiki ijayo kwa bei ileile, ofa ni nzuri kweli: umewahisha matumizi tu, na baada ya kutoa pointi 3 ambazo 380 hizo zingekupa wiki ijayo, unabaki na faida ya shilingi 61. Kama ni vitu ambavyo visingenunuliwa kabisa, umepoteza 316. Juisi na biskuti ziko katikati, kwa kuwa zitaliwa na watu watafurahi. Jiulize ungekubali kuzilipia kiasi gani siku isiyo na ofa. Ukisema 200, hasara yako ni 380 kutoa 200 kutoa 64, yaani shilingi 116. Hesabu hii ya katikati ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu vitu vingi vya ofa si upuuzi mtupu. Ni vitu tunavyovipenda nusunusu.

Kwenye risiti ya 5,960 kulikuwa na sabuni ya maji yenye kibandiko cha "pointi 20 za ziada". Bei yake 420. Ile inayonunuliwa siku zote, ya ujazo uleule, ilikuwa rafu ya chini kwa 350. Shilingi 70 zimelipwa ili kupata 20. Ukiona kibandiko cha pointi, shuka kwa macho hadi rafu ya chini kisha ulinganishe bei kwa lita au kwa kilo.

Tukijumlisha mwezi mzima: pointi 52, 41, 59 na 90, pamoja na zile 20, ni shilingi 262. Matumizi ya ziada ni 380 na 70, yaani 450. Tukiyahesabu yote kuwa ziada, mwezi huo kadi iligharimu shilingi 188. Bila kufuata ofa yoyote, risiti zilezile zingetoa 52, 41, 58 na 26, yaani shilingi 177 za faida safi. Kadi ni ileile na familia ni ileile, lakini pengo ni shilingi 365.

Kwako hesabu hii haihitaji chochote zaidi ya risiti za wiki nne na kalamu. Zungushia kila kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha uliyotoka nayo nyumbani, andika pembeni bei ambayo ungekubali kukilipia, kisha ulinganishe jumla ya tofauti na pointi za mwezi. Kama huandiki orodha, kipimo hiki hakifanyi kazi, kwa sababu ukishafika nyumbani kila kitu kinaonekana kilihitajika.

Ofa za kurudishiwa pesa kwenye kadi za mkopo za benki hupimwa vivyo hivyo, ila hatari ni kubwa zaidi. Chukua kadi inayorudisha asilimia 2 na kutoza riba ya asilimia 3 kwa mwezi. Kwa matumizi ya 20,000 unarudishiwa 400. Deni lote likilala mwezi mmoja, riba ni 600. Angalia pia kikomo cha marejesho kwa mwezi na ada ya mwaka.

Angalia sehemu ya chini ya risiti kabla ya kuondoka kaunta. Panapaswa kuonekana tarakimu za mwisho za namba yako, pointi za leo na salio. Ukiona tarakimu za mtu mwingine, namba imeingizwa vibaya au keshia ametumia ya kwake. Omba msimamizi asahihishe hapohapo risiti ikiwa mkononi.

Usirundike pointi ukingojea Krismasi. Pointi ni deni unalolidai duka bila dhamana yoyote. Nakumatt, iliyokuwa supamaketi kubwa ya Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018 kwa kushindwa kulipa madeni, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe. Duka likifika huko, mwenye pointi yuko mwisho wa foleni, nyuma ya benki zenye dhamana.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Naitumia kwenye ununuzi mkubwa wa wiki tu, na salio likifika 200 nalilipia unga siku hiyohiyo.