Walivyonipangia upya mzigo baada ya kukosa nafasi ya kushusha: nyota nne

Natengeneza sabuni ya miche huku Ruiru na nimekuwa nikikodi lori za kampuni hii kwa miezi kadhaa. Nawapa nyota nne kwa sababu ya kazi waliyonifanyia wiki moja ambayo mambo yaliharibika.

Jumanne mzigo wangu wa katoni 480, paleti nane, ulitakiwa kushushwa saa nne asubuhi kwenye ghala la mteja nje kidogo ya Barabara ya Mombasa. Ghala hilo linavumilia kuchelewa kwa nusu saa tu. Kwenye Eastern Bypass lori jingine lilikuwa limeharibikia katikati ya barabara, na dereva wetu akafika getini saa nne na dakika hamsini. Soja akamwambia nafasi imeshapewa mtu mwingine, ageuze.

Hapo ndipo nilipoona tofauti ya kampuni hii na ile niliyokuwa nayo mwaka jana. Wale wa kwanza waliniombea siku mpya, wakanitumia picha ya skrini, nami nikaona tarehe nikafurahi. Sikusoma neno lililokuwa pembeni: Pending. Ombi lilikuwa limepokelewa tu. Lori lilikwenda, likarudi na mzigo, na safari zote mbili nikalipa mimi.

Safari hii dada anayepanga magari alinipigia kabla hata dereva hajatoka pale. Akasema, "Mama, nimeomba Alhamisi saa mbili, lakini usihesabu bado. Nisomee LPO yako inaisha lini." Nikaitoa hiyo hati ya agizo la mteja kwenye faili. Ilikuwa inaisha Jumatano.

Sikuwahi kufikiria jambo hilo. Wanaopanga nafasi za kushusha ni watu wa ghala, na wanaotoa LPO ni watu wa manunuzi, ofisi nyingine kabisa. Ghala linaweza kukukubalia Alhamisi kwa moyo safi, ufike, ufungue milango ya lori, halafu karani wa kupokea mizigo aingize namba ya LPO na kompyuta imkatalie kwa kuwa muda wake umepita. Hapo hana la kukusaidia. Nikamwandikia afisa wa manunuzi mchana uleule, nikaeleza kwamba mzigo uko tayari kwenye gari na kilichobaki ni siku mbili. Jumatano saa tano akanirudishia LPO ileile ikiwa na tarehe mpya. Saa tisa dada akanitumia ujumbe wenye neno Confirmed, namba mpya ya miadi, mlango wa kushushia na idadi ya paleti. Akanisisitizia namba ya zamani tuifute kwenye karatasi ya dereva, maana getini wakiisoma ile inaonyesha gari lililokosa kufika.

Nyota moja nimeiondoa kwa kilichofuata. Lori la Jumanne lilipangiwa safari nyingine, kwa hiyo mzigo uliolala kwenye yadi yao ukahamishiwa lori jingine. Mimi niliambiwa saa kumi na mbili jioni, na orodha ya magari ya kesho yake ghala hilo huwa linaipeleka getini saa kumi na moja. Miadi ilikuwa sahihi, LPO ilikuwa hai, lakini namba ya gari iliyoko kwa soja haikuwa ya gari lililokuwa mbele yake. Dereva alifika saa moja na robo, na karibu nusu saa iliishia kupiga simu ndani hadi msimamizi akatoka na kuandika namba mpya kwa kalamu. Kama angefika saa mbili na dakika kumi, nafasi ya pili nayo ingekuwa imeponyoka. Gari likibadilishwa, mteja wao ajue saa ileile, na ghala lijulishwe kabla orodha haijachapishwa.

Saa mbili na dakika tano paleti ya kwanza ilishuka. Katoni mbili za chini zilikuwa zimebonyea upande mmoja, miche imetokeza pembeni, alama za uma wa foklifti zikionekana wazi kwenye karatasi. Zilipotoka kwangu zilikuwa nzima, na picha ninazo. Ghala lilipokea 478, nami nikalazimika kutoa hati ya kupunguza deni kwa hizo mbili ili ankara yangu ilingane na walichosaini.

Kulaza gari walinitoza shilingi 3,500, na nililipa bila ubishi kwa sababu tulikuwa tumekubaliana hivyo mapema. Zile katoni mbili nimewatumia picha za kabla na baada. Wamekubali kuzikata kwenye bili ya mwezi huu.