Kreatini na kahawa: makopo mawili mezani, na lile ninalokushaurini muliache dukani

Assalamu aleykum ndugu zangu, karibuni tena. Leo mezani nina makopo mawili. Hili la kwanza ni kreatini monohaidreti tupu, kile kirutubisho kinachoongeza akiba ya nishati msulini, unga mweupe usio na rangi wala ladha. Hili la pili ni ule unga wa kabla ya mazoezi, ambao vijana wa jimu wanauita priwokauti, na ndani yake mumechanganywa kreatini pamoja na kafeini, ile inayochangamsha kwenye kahawa. Majina ya kampuni nimeyaziba kwa karatasi, maana ninachokichambua leo ni mchanganyiko wenyewe.

Swali linalonijia kila wiki, kutoka Unguja na kutoka Pemba, ni hili: "Kaka, nasikia kahawa inaua kreatini, kweli?" Na hapa kwetu swali hilo si dogo. Mtu anatoka kunyanyua vyuma, anasali magharibi na isha, kisha yuko barazani Sokomuhogo na kikombe cha kahawa chungu na kashata. Ukimwambia achague moja, kreatini ataitupa.

Tuanze na khofu yenyewe ilipotokea. Mwaka 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichukua wanaume 9. Kwa zamu, kila mmoja alipewa unga wa bandia usio na kreatini wala kafeini, au kreatini peke yake, au kreatini pamoja na kafeini. Kreatini ilikuwa nusu gramu kwa kila kilo ya mwili kwa siku, siku 6. Kafeini ilikuwa miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku, katika siku 3 za mwisho. Kisha wakapimwa nguvu ya goti. Walipokula kreatini peke yake nguvu ilipanda, kuanzia asilimia 10 hadi 23. Walipokula kreatini na kafeini, haikupanda.

Habari ikasambaa hivyo hivyo: kahawa inazuia kreatini. Lakini wale watafiti walipima pia akiba ya kreatini iliyomo ndani ya msuli, na akiba ile ilipanda katika hali zote mbili, yenye kafeini na isiyo na kafeini. Kwa hiyo kafeini haikuizuia kreatini kuingia. Kilichokosekana ni faida ya nguvu siku ya kipimo. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa, na miaka yote hii watu wanayachanganya.

Sasa kwa nini faida ipotee na akiba ipo? Timu hiyo ilirudi mwaka 2002 na jibu linalowezekana. Msuli ukijikunja, ndani yake humwagika kalsiamu. Ili ulegee, kalsiamu ile lazima irudishwe ghalani, na kuirudisha kunakula nishati. Fikiria ngalawa inayovuja na mtu anayefua maji. Kreatini inampa mfuaji nguvu ya mkono, kafeini inaongeza uvujaji. Walipopima, kreatini ilifupisha muda wa msuli kulegea, na kafeini iliyoliwa kila siku kwa siku 3 iliurefusha. Msuli usiolegea upesi hauko tayari kwa mkunjo unaofuata, na kazi ya kurudia rudia kwa kasi ndiyo inayoumia.

Mimi naona maelezo haya yana mantiki, lakini msiyameze yote. Wanaume 9 ni wachache. Na katika utafiti ule wa 1996, mtu yule yule alipita kwenye hali zote tatu, akipumzika wiki 3 katikati. Kreatini ikishajaa msulini inaweza kuchukua wiki 4 na zaidi kushuka hadi ilipokuwa mwanzo. Maana yake mtu anaweza kuingia zamu ya pili bado ana akiba ya zamu ya kwanza, na hesabu ikavurugika.

Halafu tazameni upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2002, watafiti wengine waliwapa wanaume waliozoea mazoezi kreatini kwa siku 6 bila kafeini, kisha wakawapa kafeini mara moja tu, saa moja kabla ya kukimbia kwenye mashine kwa kasi kubwa. Walikimbia muda mrefu zaidi kuliko walipokosa kafeini. Hapa msuli ulikuwa umeshajaa kreatini, na kafeini ikaja siku ya kazi. Hawakugombana.

Mwaka 2016 likaja jaribio la wanaume 54, lililogawa watu makundi manne: bandia, kreatini peke yake, kreatini na kafeini ya unga, na kreatini na kahawa. Gramu 20 za kreatini kwa siku, miligramu 300 za kafeini, siku 5. Makundi hayakutofautiana kwa kiasi cha kutia maanani. Wapo wanaolitumia jaribio hili kusema kesi imefungwa. Mimi sisemi hivyo, kwa sababu hata kreatini peke yake haikulishinda kundi la bandia, na kama faida yenyewe haikuonekana, huwezi kujua kama kafeini imeizuia. Lililonivutia mimi ni matumbo: wachache waliokula kreatini na kafeini ya unga walilalamika tumbo kuchafuka.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Majaribio ya mwanzo kabisa ya kreatini, yale ya mapema miaka ya 1990 yaliyoonyesha kwamba akiba ya msuli inapanda, watu walipewa kreatini yao ndani ya chai au kahawa ya moto. Tangu siku ya kwanza vilikuwa kikombe kimoja.

Hili nalifanya hapa mbele yenu. Glasi hii ina maji ya kawaida robo lita, natia gramu 5, nakoroga. Mnaona? Maji yana ukungu, na nikiacha kukoroga unga unatua chini kama mchanga. Sasa kikombe hiki ni chai ya rangi, moto wa kunyweka, kiasi kile kile. Nakoroga... umepotea wote, chini hamna kitu. Kreatini inayeyuka vizuri zaidi kwenye joto. Moto huo wa dakika chache hauiharibu. Kinachoiharibu ni kuiacha ndani ya maji muda mrefu, hasa maji yenye ukali kama ya ndimu, kwa hiyo usikoroge asubuhi ukaja kunywa usiku. Na huu unga kugandana kwa unyevu wa kwetu, hasa masika, si kuharibika. Uvunje kwa kijiko, lakini siku zile pima kwa mizani, maana kijiko cha kopo hakisemi kweli unga ukishashikamana.

Haya, sasa makopo. Kijana wa kilo 70, anafanya mazoezi siku 4 kwa wiki, saa 11 jioni. Anachotaka ni gramu 3 hadi 5 za kreatini kila siku, na msuli wake utajaa katika wiki kama 4. Kopo hili la mchanganyiko, kwa kijiko kimoja, linatoa gramu 2 za kreatini na miligramu 250 za kafeini. Ili apate gramu 4 lazima ale vijiko viwili, na hapo ameshakula miligramu 500 za kafeini, wakati kiwango kinachohesabiwa salama kwa mtu mzima mwenye afya ni kama 400 kwa siku nzima. Bado hajafika barazani. Na ile hesabu ya Ubelgiji, miligramu 5 kwa kilo, kwake ni 350. Kwa hiyo huyu, akila vijiko viwili kila siku, anajitia mwenyewe katika ile hali iliyoleta mashaka: kafeini nyingi, kila siku, wakati kreatini inajazwa.

Akiamua kula kijiko kimoja siku za mazoezi tu, anapata gramu 8 kwa wiki. Hiyo haimjazi mtu. Kreatini inatakiwa hata siku ya mapumziko, na kafeini siku hiyo haina kazi. Ndiyo maana kuzifunga pamoja kwenye kijiko kimoja ni kosa la kopo lenyewe. Na yako makopo mengine yanayoandika jumla ya mchanganyiko tu bila kusema kila kitu ni gramu ngapi. Hayo rudisheni kwenye rafu.

Kwa hiyo hukumu yangu: hili la kreatini tupu, nunua. Gramu 5 kwenye chai ya asubuhi, kila siku, pamoja na mkate au chochote unachokula. Kafeini ishike mbali nayo, si kwa kuwa zinapigana tumboni, bali ili uweze kuipunguza na kuiongeza bila kuigusa kreatini. Siku ya mazoezi mazito, miligramu 3 kwa kilo zinatosha, yaani kama 200 kwa kijana wetu, saa moja kabla. Lakini anafanya mazoezi saa 11 jioni! Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya muda wa saa 5 hivi, kwa hiyo saa 3 usiku bado ana kama miligramu 100, na akiongeza vikombe vya barazani usingizi unaondoka. Mimi ningemwambia achague: ama kahawa ya kabla ya mazoezi, ama ya barazani. Mwezi wa Ramadhani ndiyo zaidi, kreatini aile na futari au daku, na kafeini aipunguze.

Mwenye maradhi ya figo, presha, au mjamzito, aonane na daktari kwanza. Na ukipimwa damu hospitali, sema kwamba unatumia kreatini, kwa sababu kipimo cha kreatinini, taka inayotokana na kreatini, kinaweza kupanda na daktari akadhani figo zina tatizo.

Mwisho, kwa aliye na shaka kuwa kahawa inamharibia. Kula kreatini yako wiki 4 bila kuruka. Kisha chagua zoezi moja la kurudia kwa kasi, kama mbio fupi za mita 30 mara 8 pale uwanjani, ukipumzika nusu dakika kila mara. Pima wiki ambayo unakunywa kafeini kila siku kama kawaida yako, halafu pima tena baada ya siku 4 bila kafeini, saa ile ile, chakula kile kile. Siku mbili za mwanzo kichwa kinaweza kuuma, hiyo ni kafeini inatoka, usipime hapo. Angalia mbio ya 6, ya 7 na ya 8, si ya kwanza. Kama nyakati hazikubadilika, kunywa kahawa yako. Kama zile za mwisho zimekuwa nzuri zaidi bila kafeini, punguza ile ya kila siku, ubakishe ya siku ya mechi. Niandikieni hapa chini uzito wenu na nyakati zenu za mbio zote 8, nizisome.