Hedifoni zisizo na waya: ipi ya mwendokasi, ipi ya ofisini, ipi ya kukaa nayo home

Kama bajeti yako ni ya kitu kimoja tu na kila asubuhi unatoka Kimara kwenda Posta, chukua iafoni za kuchomeka sikioni, namba moja bila ubishi. Raba yake ikikaa vizuri inaziba sikio lenyewe, na hapo ndo kazi kubwa inapofanyika, maana ile ANC, yaani mfumo wa kukata kelele unaosifiwa kwenye boksi, inapunguza zaidi muungurumo wa chini usiobadilika, kama injini ya basi au feni, ila honi na konda anayeita abiria vinaipita hiyo ANC, kuvizuia ni kazi ya raba. Kwa hiyo jaribu saizi zote za raba zilizomo ndani ya boksi, ukiona besi imepotea ujue haijaziba, usikimbilie kusema iafoni mbovu.

Sasa hapa ndo watu wanapopigwa Kariakoo. Boksi limeandikwa ENC, muuzaji anakwambia "hii inakata kelele broo", kumbe ENC inasafisha sauti ya maiki ili unayeongea naye asisikie kelele za kwako, wewe mwenyewe utazisikia zote kama kawaida. Pima hapohapo dukani: vaa, usiweke muziki, simama karibu na feni au jenereta, halafu washa na uzime hiyo ANC. Muungurumo usiposhuka, rudisha boksi mezani, hata kama limeandikwa ANC.

Hedifoni za kufunika sikio zima nazipa namba moja ofisini, ila kwa sharti kwamba kuna kiyoyozi. Chaji inakaa sana, nyingi zinavuka masaa 30, na sikio halichoki kuchomekwa siku nzima. Angalia kama inaunganisha simu na laptopu kwa pamoja, vinginevyo kila simu ikiita ni kuanza kuhangaika na blutuuthi. Kwenye daladala ya Mbagala mchana lakini, jamani, masikio yanachemka, na ile ngozi feki ya mito jasho linaimaliza, inaanza kubanduka vipande vyeusi vinabaki shingoni, so kabla hujalipa uliza kama mito yake ya kubadilisha inapatikana.

Za mgongo wazi ni za home tu. Kava la nje lina matundu, sauti inatoka na kuingia, ndo maana muziki unasikika mpana kama uko nje ya kichwa na sikio linapata hewa, ila jirani wa meza ataskia kila unachosikiliza, na ndani ya basi utaongeza sauti mpaka uumie masikio. Uzuri wake mtu akipiga hodi unamsikia. Zisizo na waya ni chache sana, Grado GW100 ya 2018 ni mojawapo, nyingi za aina hii bado zina waya, na besi yake nyepesi, mpenda singeli atalalamika.