Betri mpya na betri kuukuu, zote volti 12.6

Kwenye boti za injini hapa Lamu, betri mbili zaweza kusoma volti 12.6 sawasawa zikiwa hazijafungwa kitu, kisha moja ikawasha injini na nyingine ikaishia kugonga tak-tak-tak. Tofauti ni ukinzani wa ndani. Umeme unaotoka hupita kwanza ndani ya betri yenyewe, na huko volti fulani hupotea, nishati yake ikigeuka joto:

V = E − I × r

V ni volti zinazobaki kwenye vichwa vya betri, E ni volti za betri bila mzigo, I ni ampea zinazotoka, na r ni ukinzani wa ndani kwa omu.

Tuseme mpya ina omu 0.01, kuukuu yenye sahani zilizoota chumvi ya salfeti ina 0.05. Kwa taa ya ampea 1, kuukuu hubaki na volti 12.55, hutaona kasoro. Stata ikivuta ampea 100, mpya hubaki na 11.6, kuukuu 7.6 tu, na stata haizunguki sawasawa.

Kwa hiyo usiamini mita bila mzigo. Washa taa ya ampea 5, pima tena: volti zikishuka kutoka 12.6 hadi 12.35, gawanya 0.25 kwa 5, upate omu 0.05. Gusisha mita kwenye vichwa vya betri vyenyewe, si kwenye waya. Kutu ya maji chumvi kwenye viungo vya waya hudanganya vilevile.