Kikomo au kulinganisha: njia ipi kwa intigrali inayoenda hadi ∞?

Njia ya kikomo hukupa jibu kamili. Chukua ∫₁^∞ 1/x² dx: weka b mahali pa ∞, upate 1 − 1/b, kisha acha b ikue. Jibu ni 1. Kwa 1/x unapata ln b, ambayo hukua bila mwisho, kwa hiyo intigrali hiyo haina thamani. Kushuka kwa grafu kuelekea sifuri hakutoshi. Lazima ishuke haraka.

Lakini njia hii inadai ujue kinyume cha kunyambua. Kwa e^(−x²) hakuna fomula ya kawaida ya kinyume hicho, na hapo kulinganisha kunashinda. Kuanzia x = 1, x² ni sawa na x au zaidi, kwa hiyo e^(−x²) haizidi e^(−x). Intigrali ya e^(−x) kutoka 1 hadi ∞ ni 1/e, takriban 0.368. Basi ya kwetu ina thamani, nayo iko chini ya 0.368. Thamani yenyewe hujaipata.

Wengi hukosea mwelekeo. 1/x² iko chini ya 1/x, lakini kwa kuwa intigrali ya 1/x haina thamani, ulinganisho huo haukuambii lolote.

Swali likisema “tafuta thamani” na kinyume kinapatikana, tumia kikomo. Likiuliza tu kama thamani ipo, kulinganisha mara nyingi humaliza kazi kwa mstari mmoja.